Kadi ya harusi: karatasi na wino, kuanzia chaguo bora hadi la kukwepa

Kamati nyingi za harusi huchagua rangi za kadi kwenye simu, halafu zikitoka kwa mchapaji watu wanashangaa mbona zimebadilika. Wino wa mashine za kawaida haufuniki karatasi. Mwanga unapita ndani yake, kwa hiyo rangi ya karatasi huchanganyika na ya wino. Tena mashine nyingi hazina wino mweupe: panapoonekana peupe kwenye skrini, mashine haichapi kitu, inaiacha karatasi yenyewe. Ndiyo maana karatasi huchaguliwa kwanza, wino baadaye.

Ya kwanza: krimu isiyong'aa, gramu 300 kwa mita ya mraba, wino wa damu ya mzee au kahawia iliyokoza. Krimu haiumizi macho na haihitaji mapambo mengi ili ipendeze. Wino wa bluu nao unakubali, ila uwe umekoza sana, kwani bluu nyepesi juu ya krimu huelekea kijani. Kuna jambo moja la kuangalia. Damu ya mzee hutengenezwa kwa kupandanisha wino wa rangi kadhaa, na zikipishana kidogo tu, kingo za herufi ndogo hutoka bila kunyooka vizuri. Maandishi yaliyo chini ya pointi 8, kama namba za simu za kamati, yachapwe kwa wino mweusi peke yake.

Ya pili: nyeupe isiyong'aa, wino mweusi au bluu iliyokoza. Haina makuu, ni rahisi kupatikana, na ndiyo inayosomeka kuliko zote. Bajeti ikibana, chukua hii bila kusita.

Ya tatu: karatasi iliyokoza, maandishi ya foili, yaani utando mwembamba unaong'aa kama madini. Bluu ya usiku au nyeusi yenye foili ya dhahabu inavutia kweli, na hapa dhahabu inasomeka. Lakini foili hugandishwa kwa joto na mgandamizo, na mistari myembamba ya fonti za mwandiko hukatika au hujaa ikazibana. Chagua fonti nene, usishuke chini ya pointi 10, na punguza maneno. Ratiba nzima ya sherehe haifai kuwekwa kwenye foili.

Ya nne: karatasi inayometameta kama lulu. Mkononi ni nzuri, ila chini ya taa kali hurudisha mwanga na maandishi ya kijivu au ya waridi hupotea. Nyeusi tu ndiyo inayohimili.

Ya tano: kaki. Inafaa sherehe ya bustanini, kwa wino mweusi tu. Rangi nyepesi humezwa na ukahawia wa karatasi.

Ya kukwepa: wino wa dhahabu juu ya nyeupe au krimu. Hili ndilo kosa linaloagizwa kuliko yote. Bila foili, "dhahabu" ya mashine ni mchanganyiko wa njano, wekundu na weusi kidogo, na hutoka kama haradali. Wabunifu wa tovuti hutaka utofauti wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi madogo. Dhahabu ya skrini yenye namba `#D4AF37` juu ya nyeupe hupata kama 2.1 tu. Babu wa bwana harusi hataiona saa ya sherehe hata akivaa miwani.

Mkitaka dhahabu na pia mkitaka isomeke, gawanyeni kazi. Chukua kadi ya sentimita 13 kwa 18, krimu. Majina ya maharusi yawe pointi 28 kwa foili. Familia, tarehe, ukumbi na saa viwe pointi 10 au 11 kwa damu ya mzee. Foili inabaki mahali pamoja, kwa hiyo hata gharama yake haipandi ovyo.

Kabla ya kuruhusu kadi zote zichapwe, dai nakala moja kwenye karatasi ileile. Isome usiku chini ya balbu, ukiwa umenyoosha mkono. Kisha ipige picha na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu: maandishi yakififia, rangi mbili hizo zinakaribiana mno kwa mwanga, hata kama machoni zinaonekana tofauti. Picha hiyo usiwatumie wageni kwenye WhatsApp, kwa sababu foili hutoka nyeusi au huwaka kulingana na pembe ya taa. Watumie faili la mbunifu.

Halafu kuna ule mstari wa nukta wa kujaza jina la mgeni, ambao husahaulika mpaka siku ya kugawa kadi. Ukipaka kadi laminesheni, wino wa kalamu ya jeli haukauki upesi, unachafua vidole na bahasha. Jaribu kalamu yenyewe kwenye ile nakala, subiri dakika moja, pitisha kidole. Kwa karatasi iliyokoza utahitaji kalamu nyeupe au ya dhahabu. La sivyo, agiza sehemu ya jina ichapwe kwenye kipande cha krimu kinachobandikwa juu.