Kipimo cha haraka cha koo kilisema mtoto hana kitu, kuotesha kukasema anacho

Jamani niwape uzoefu wangu na hivi vipimo viwili vya koo, maana mimi nilikuwa najua ni kitu kimoja. Mwanangu wa miaka 6 aliamka na homa ya 39, koo linauma hadi mate hamezi, tonses zimevimba zina madoa meupe na tezi za shingoni ukizigusa analia. Kikohozi hana, mafua hana, na daktari alisema hilo ndo lililomfanya ampime, angekuwa anakohoa na makamasi yanatiririka asingemchokonoa koo kabisa, maana hapo mara nyingi ni virusi.

Nesi akaja na vijiti vya pamba. Inatakiwa ipitishwe kwenye tonses zote mbili na ukuta wa nyuma wa koo, ulimi na mashavu usiguse. Dogo akafunga mdomo akang'ata kijiti, nesi akakitupa akachukua kingine, mi nikaona anatuchelewesha tu, kumbe pamba ikiokota mate peke yake kipimo kinaweza kusoma hasi na bakteria wapo.

Cha haraka kinafanana na kile cha mimba, dakika chache tu mstari ukatokea kwenye C, kwenye T hakuna. Hasi. Nikasema sawa ila tupe antibayotiki tu tukalale, daktari akagoma. Akanielewesha kwamba kikisoma chanya wanakiamini na dawa inaanza hapohapo, lakini hasi kwa mtoto haimalizi maneno, kwenye watoto 100 wenye streptokoka, yaani hao bakteria wa koo wanaotafutwa, kinaweza kuwakosa kama 15 hivi. Kwa hiyo kijiti kingine kikapelekwa maabara kuoteshwa, yaani wanasubiri waone kama bakteria watakua, majibu siku moja au mbili.

Mimi hofu yangu ilikuwa moyo, si unajua koo la namna hii likiachwa linaweza kuleta homa ya rumatiki ikaharibu valvu. Akasema dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado inazuia, so kusubiri siku mbili hakumuumizi. Akauliza pia kama nishampa dawa yoyote, bahati nzuri ile chupa iliyobaki kabatini sikuifungua (nilishaishika mkononi lol), maana ukitanguliza antibayotiki bakteria wanaweza wasiote na majibu yakadanganya.

Siku ya pili wakapiga simu, wameota. Dogo ana kilo 20, akaandikiwa amoksilini miligramu 1000 mara moja kwa siku, siku 10. Ya tatu tu alishaanza kuruka kwenye kochi na kukataa dawa, tukamaliza zote 10 kwa kubembelezana.

Kipimo cha haraka nakipa nyota 3. Kuotesha nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya zile siku mbili za kukesha na parasetamoli.