Msikiti wa Mbali: Yerusalemu au Jiirana?

Aya ya kwanza ya Suratul Israa inasema Mwenyezi Mungu alimpeleka mja wake usiku kutoka Msikiti Mtukufu hadi Msikiti wa Mbali, "ambao tumevibariki vilivyo pembezoni mwake". Mji wenyewe hautajwi.

Wafasiri wengi mno wanasema ni Baitul Maqdis, Yerusalemu. Hadithi ya Anas katika Sahihi Muslim inautaja waziwazi: Mtume (s.a.w.) alifika huko juu ya Buraqi, akaswali rakaa mbili, kisha akapaishwa. Kurani yenyewe inasaidia, kwani Suratul Anbiyaa 71 na 81 zinataja ardhi iliyobarikiwa, nayo hufasiriwa kuwa Shamu, eneo ambalo Yerusalemu imo ndani yake.

Mwaka 1953 Alfred Guillaume, msomi Mwingereza wa Uislamu, alipendekeza Jiirana, karibu na Makka. Alitegemea al-Waqidi, mwanahistoria wa kale wa Kiislamu, anayeutaja "msikiti wa mbali" pale Mtume alipohirimia umra baada ya vita vya Hunayni, mwaka wa 8 Hijria.

Kwangu hoja hii ni dhaifu. Safari ilitangulia Hijra, na kwenda Jiirana tu kusingewashangaza Makuraishi hata wakadai wasifiwe Baitul Maqdis.