Mkopo wa pikipiki wa milioni 3: upi uchukue, na riba yake halisi ni kiasi gani

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka pikipiki ya bodaboda ya shilingi milioni 3 taslimu, ailipe ndani ya mwaka mmoja. Tumechukua ofa nne za mfano, za aina zinazokutana na mnunuzi karibu kila mji wa Tanzania, tukazipanga kwa gharama yake ya kweli. Matokeo ni haya: wa kwanza ni mkopo wa SACCOS kwa mwanachama ambaye tayari ana akiba (riba halisi asilimia 14.8 kwa mwaka), wa pili benki (29.3), wa tatu taasisi ya mikopo midogo yenye riba ya flati (35.3), na wa mwisho pikipiki ya mkataba wa kupeleka hesabu kila siku (57).

Ukiangalia matangazo yenyewe, mpangilio haukai hivyo. SACCOS inatangaza asilimia 1 kwa mwezi, benki asilimia 18 kwa mwaka, taasisi asilimia 15 kwa mwaka, na mwenye mkataba hataji riba kabisa, anataja elfu 12 kwa siku. Anayechagua kwa kusoma bango ataiacha benki akimbilie taasisi, na atakuwa amekosea.

Riba inayotajwa na riba halisi

Asilimia 18 kwa mwaka ikihesabiwa kila mwezi ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Ukikopa milioni 1 na usilipe kitu mwaka mzima, hutadaiwa 1,180,000. Riba ya mwezi wa kwanza inaingia kwenye deni, na mwezi wa pili nayo inatozwa riba. Baada ya miezi 12 deni ni 1,195,618. Kwa hiyo riba halisi ya mwaka ni asilimia 19.56. Kanuni yake ni hii, ambapo `i` ni riba ya mwezi mmoja:

```
riba halisi = (1 + i)^12 - 1
```

Pengo hilo linapanuka kadiri riba inavyopanda. Asilimia 12 inakuwa 12.68, lakini mkopeshaji anayesema "asilimia 3 tu kwa mwezi" anatoza asilimia 42.58 kwa mwaka, si 36. Kuna faida nyingine ya kipimo hiki: kinakuwezesha kulinganisha anayelipwa kwa wiki na anayelipwa kwa mwezi.

Rejesho la kila mwezi linavyopatikana

Kwenye mkopo wa salio linalopungua, rejesho ni lile lile kila mwezi, ila mgawanyo wake ndani hubadilika. Kanuni, ambapo `n` ni idadi ya marejesho:

```
rejesho = mkopo x i / (1 - (1 + i)^-n)
```

Kwa simu ya kawaida, fanya hivi kwa mkopo wa milioni 3, asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi 12. Zidisha 1.015 kwa yenyewe mpaka zitimie 12: unapata 1.195618. Gawa 1 kwa namba hiyo: 0.836387. Toa kwenye 1: inabaki 0.163613. Gawa 0.015 kwa hiyo: 0.09168. Zidisha kwa milioni 3: rejesho ni 275,040. Usikate desimali njiani. Ukiacha tarakimu mbili tu, 0.09 badala ya 0.09168, utapata 270,000 na utadhani benki imekuibia elfu tano kila mwezi.

Jedwali la marejesho linaanza na kuishia hivi:

| Mwezi | Riba | Deni la msingi | Salio |
|---|---|---|---|
| 1 | 45,000 | 230,040 | 2,769,960 |
| 2 | 41,549 | 233,491 | 2,536,469 |
| 3 | 38,047 | 236,993 | 2,299,476 |
| 12 | 4,065 | 270,975 | 0 |

Riba ya mwezi wa kwanza ni milioni 3 mara 0.015, basi. Mwezi wa pili inahesabiwa juu ya salio lililobaki, ndiyo maana inashuka. Omba jedwali hili kabla ya kusaini na kagua mstari wa pili. Kama riba ya mwezi wa pili ni sawa kabisa na ya mwezi wa kwanza, huo si mkopo wa salio linalopungua, hata kama afisa mikopo ameapa.

1. SACCOS, kama akiba yako iko pale tayari

Ofa: asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, fomu na ada asilimia 1, na sharti la kukopa mpaka mara tatu ya akiba. Rejesho ni 266,546. Ada ya 30,000 inakatwa mwanzoni, unapokea 2,970,000. Ukiihesabu riba kwa pesa uliyoipokea, inapanda kutoka 12.68 mpaka 14.8. Hakuna ofa nyingine hapa inayoikaribia.

Ila soma sharti la akiba kwa makini, maana hapo ndipo wengi wanajidanganya. Ili upate milioni 3 lazima milioni 1 yako ifungiwe mpaka umalize deni. Kama umeiweka miaka na hukuwa na mpango wa kuitoa, isikusumbue. Lakini kama unatoa milioni 1 kwenye biashara ili upate sifa ya kukopa, hesabu inabadilika: kwa kweli umeongezewa 1,970,000 tu, unalipa riba ya milioni 3, na miezi ya mwisho salio lako ni dogo kuliko akiba yako mwenyewe iliyofungiwa. Tukiichukulia akiba hiyo kuwa haizai kitu, riba halisi inafika karibu asilimia 39. Gawio la mwisho wa mwaka linaipunguza, kwa hiyo uliza lilikuwa kiasi gani miaka iliyopita. Mtu wa namna hii ni bora anunue kwa kutanguliza milioni yake na kukopa milioni 2 tu benki.

2. Benki, lakini hesabu makato

Asilimia 18 ya salio linalopungua ni ofa safi mpaka ufike kwenye makato. Tuseme ada ya mkopo ni asilimia 3 na bima asilimia 1, vyote vinakatwa siku ya kutoa pesa. Mkataba unasema milioni 3, akaunti inaingia 2,880,000, na rejesho linabaki 275,040. Riba halisi inaruka kutoka 19.56 mpaka 29.3.

Asilimia nne tu zinaleta pointi karibu kumi kwa sababu mbili. Kwanza, mkopo ni wa mwaka mmoja, hivyo ada haina muda wa kusambaa. Ada hiyo hiyo kwenye mkopo wa miaka mitatu isingeuma sana hivi. Pili, kwa wastani unashika takriban nusu ya mkopo, kwani kila mwezi unarudisha, lakini ada imetozwa juu ya mkopo wote. Ndiyo maana kwenye mkopo mfupi ni bora kubishana juu ya ada kuliko riba. Na kumbuka pikipiki bado ni milioni 3: pengo la 120,000 utalitoa mfukoni.

Kwa mwenye kompyuta, au simu yenye programu ya majedwali kama Excel, hesabu hii ni mstari mmoja. Weka idadi ya marejesho, rejesho, kisha pesa uliyopokea mkononi ikiwa na alama ya kutoa:

```
=(1+RATE(12,275040,-2880000))^12-1
```

Kosa la kawaida ni kuweka 3,000,000 badala ya 2,880,000. Ukifanya hivyo ada inatoweka kwenye hesabu huku imeshatoka mfukoni.

3. Riba ya flati

Hapa asilimia 15 kwa mwaka inahesabiwa juu ya milioni 3 mwaka mzima: 450,000. Jumla 3,450,000, gawa kwa 12, rejesho ni 287,500. Ni rahisi kueleza na ndiyo mvuto wake. Tatizo ni kwamba mwezi wa 11 umebakiza deni la msingi la 500,000, na bado unatozwa riba ya 37,500 kana kwamba unashikilia milioni 3. Kwa mwezi huo peke yake ni asilimia 7.5.

Bila ada yoyote, riba halisi ni asilimia 30.1. Ukikatwa ada ya asilimia 2, ukapokea 2,940,000, ni 35.3. Kwa kukadiria haraka dukani, zidisha riba ya flati ya mkopo wa mwaka kwa 1.8: 15 inakuwa 27, na hiyo ndiyo riba inayotajwa ambayo unaweza kuiweka kando ya 18 ya benki.

Hasara ya pili hujitokeza unapopata hela na kutaka kufunga deni mapema. Baada ya marejesho sita, mkopo wa benki hapo juu una salio la 1,566,954, na ukilipa hilo umemaliza, isipokuwa mkataba una faini ya kulipa mapema. Mikataba mingi ya flati hudai marejesho yote sita yaliyobaki, yaani 1,725,000, riba ikiwemo. Kulipa mapema kwa masharti hayo hakukuokolei hata shilingi.

4. Pikipiki ya mkataba

Elfu 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 52, halafu pikipiki ni yako. Hakuna dhamana, hakuna fomu, na kwa kijana asiye na chochote huenda ndiyo njia pekee. Jumla ni 3,744,000 kwa pikipiki ya milioni 3, ziada ya 744,000. Anayegawa 744,000 kwa milioni 3 anapata asilimia 24.8 na kuona ni nafuu kuliko benki. Lakini unarudisha 72,000 kila wiki kuanzia wiki ya kwanza, hivyo hela ya mwenye chombo unaishika kwa muda mfupi sana:

```
=(1+RATE(52,72000,-3000000))^52-1
```

Jibu ni asilimia 57. Na hapo tumechukulia bei ya milioni 3 ni ya kweli. Kabla ya kukubali, pita duka lingine uulize bei ya taslimu ya modeli ile ile. Ikiwa ni 2,700,000, weka hiyo kwenye kanuni badala ya milioni 3, kwa sababu laki tatu zilizobaki ni riba iliyofichwa ndani ya bei. Uliza pia siku ya ugonjwa au ya matengenezo inahesabiwaje, na kadi ya pikipiki itaandikwa jina lako lini. Kama kukosa hesabu ya siku chache kunampa mwenye chombo haki ya kukichukua bila kurudisha ulichokwisha lipa, basi hatari hiyo haimo kwenye asilimia 57. Inaongezeka juu ya hiyo 57.