Mabati: yapandishe kwenye mizani kabla ya kuyapandisha kwenye pikapu

Mwezi uliopita nilinunua mabati 40 ya mawimbi, ya mita 3, kwa nyumba ya mama kule Likoni. Risiti inasema geji 28, milimita 0.4. Fundi alipokwapua mawili kwa mkono mmoja na kupanda nayo ngazi, moyo ukanipiga. Nikapeleka kumi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mizani ikasoma kilo 63.

Hesabu yake ni nyepesi. Chuma cha mita moja ya mraba, unene milimita 1, ni kilo 7.85. Laza uzi juu ya mawimbi, upande na kushuka nayo toka ukingo hadi ukingo, upate upana wa bati kabla halijakunjwa. Yangu yalikuwa mita 0.9. Zidisha 3 kwa 0.9 kwa 0.4 kwa 7.85: kilo 8 na nusu kwa bati, kumi ni 85. Kilo 63 ni milimita 0.3, bati ambalo madukani huitwa geji 30. Nililipia 28! Namba ya geji ikipanda unene hushuka, na viwanda havikubaliani namba ipi ni unene gani. Kwa hiyo andikiwa milimita, kisha upime.

La kwanza kwangu ni milimita 0.4 la Mabati Rolling Mills, wale wa Mariakani, lenye mchanganyiko wa alumini na zinki. Nasema wazi nawapendelea: chumvi ya bahari hula zinki tupu upesi zaidi. La pili ni 0.3, ukisogeza mbao karibu karibu. La 0.2 ni la banda la kuku.

Pikapu ya tani 1 usiihesabie kilo 1,000 za mabati, maana dereva, fundi na mpakiaji wamo humo humo. Baki na 800. Hapo unabeba mabati 90 hivi ya 0.4, au 120 ya 0.3. Ya 0.2 yangefika 180, lakini bati la mita 3 huchungulia nje ya nyuma, na jembamba likining'inia hujikunja pale pale kwenye ukingo wa bodi. Lilaze juu ya mbao ndefu. Funga kamba kwa nyuma pia, kwa sababu pikapu ikipanda kutoka feri mzigo wote huteleza kurudi nyuma na mabati husuguana mpaka rangi inatoka.

Kinachoniuma ni kwamba sukari ya robo kilo hupimwa mbele ya macho yangu, lakini mabati ya maelfu ya shilingi, duka zima halina mizani. Niliporudi, muuzaji akaniambia yakishatobolewa msumari hayarudi. Kumi na manne yalikuwa tayari juu ya paa.