Saiba walinivurugia vifungu wiki ya mtihani, uzoefu wangu

Bado nimekasirika. Nilipeleka jedwali langu la Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kwa saiba moja karibu na kampasi wanigeuzie liwe chati ya kulinganisha makosa, kila kosa na safu yake, nibandike ukutani nirivaizi. Vifungu nilikuwa nimevipanga vile tulivyofunzwa, wizi kwanza (268, 275), halafu unyang'anyi na wizi wa mabavu (295, 296(1), 296(2)), mauaji mwisho (203, 204).

Jamaa akaona namba hazifuatani, akabonyeza safu ya vifungu peke yake, akaenda Sort, Excel ikamuuliza, akachagua "Continue with the current selection". Hapo namba zikajipanga na maelezo yakabaki palepale! Ilitakiwa "Expand the selection" ndio mstari mzima usonge pamoja. Nilishtuka nilipoona 204 imekaa na miaka mitatu, yaani adhabu ya mauaji imekuwa ya wizi wa kawaida, na 203 ndiyo inaeleza maana ya wizi. Kama hujui hata kifungu kimoja kwa kichwa huwezi kugundua, maana karatasi yenyewe inapendeza, namba zimenyooka kabisa. Nikamwonyesha, akanijibu, "Dada, mimi kazi yangu ni kuchapa, sheria ni zako." Na pesa ameshachukua. Nyota moja, na hiyo moja ni ya printa.

Ila lazima niseme ukweli, dada wa kaunta ya pili alisikia tukizozana akaniita. Akafungua faili yangu ya kwanza, hakupanga namba zozote, akaweka safu tatu, wizi, unyang'anyi, wizi wa mabavu, na kushuka chini akaweka maswali: kifungu gani, amefanya nini, nguvu imetumika, adhabu. Sasa unasoma kwa upana, unaona mara moja kwamba unyang'anyi ni wizi ulioongezwa nguvu au vitisho, na adhabu inapanda kutoka miaka mitatu hadi kumi na minne hadi kifo.

Kwa 296(2), yaani wizi wa mabavu, akaniuliza, "Haya matatu lazima yawe yote ama moja linatosha?" Jamani! Hilo ndilo swali lenyewe. Silaha hatari, AMA kuwa na mwenzake, AMA kumjeruhi au kumpiga mtu, na Korti ya Rufaa ilishasema kwenye kesi ya Oluoch mwaka 1985 kwamba moja likithibitishwa linatosha. Akaandika kila moja kwa mstari wake na AMA katikati, herufi kubwa. Ukiyabana yote kwenye kisanduku kimoja na koma, utayasoma kama orodha ya vitu vya kutimizwa vyote, na kwenye swali la mtihani utamwachilia mshtakiwa kwa sababu eti hakuwa na silaha.

Kwa hivyo sijui, nyota tatu? Nne kwa huyo dada. Yule mwingine arudishe pesa yangu kwanza.