Sabneti au tabaka za OSI: uanze na ipi?

Mdogo wangu hapa Tudor anajiandaa kwa mtihani wa usalama wa mitandao, akaniuliza aanze na ipi. Tabaka 7 za OSI, mfano unaogawa kazi za mtandao hatua kwa hatua, zinakaririwa jioni moja. Sabneti, yaani kugawa mtandao katika mafungu madogo ya anwani, haikaririki, inataka mkono uliozoea hesabu.

Chukua laptopu yenye 192.168.10.70/26. Biti 26 kati ya 32 ni za mtandao, zinabaki 6, kwa hiyo kila fungu lina anwani 64: linaanzia 0, 64, 128 au 192. Sabini imo katika fungu la 64 hadi 127. Ya kwanza ni anwani ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, hivyo vifaa vinapata 65 hadi 126. Printa yenye .130 iko fungu jingine, nyuma ya ruta.

Sasa mtu amekosea, akaipa laptopu /24, yaani fungu moja la 0 hadi 255. Itadhani printa ni jirani, itaulizia MAC yake, anwani ya kadi yake ya mtandao, moja kwa moja badala ya kupitia ruta, na kwa kawaida hakuna atakayejibu. Amri ya `arp -a`, inayoorodhesha MAC za majirani, haitaonyesha MAC ya printa. Hapo OSI inalipa: taa ya kebo inawaka, tabaka la 1, la kebo, ni zima; dalili imeonekana la 2, la MAC; kosa liko la 3, la anwani za IP.

Hesabu peke yake isingekuonyesha pa kutazama, lakini tabaka peke yake zisingekwambia kwamba .130 si jirani. Nilimwambia apitie OSI kwanza, haraka, kisha muda uliobaki wote aupe sabneti.