Mayonezi: kiini kibichi au kilichopashwa moto?

Njia zote mbili hutumia viini 2, vijiko 2 vya maji ya ndimu na kikombe 1 cha mafuta. Ile mbichi unapiga tu, lakini bakteria wa salmonela, wanaougua­za tumbo, huweza kuwamo ndani ya yai lenye ganda safi lisilo na ufa. Ndimu haiiui papo hapo, na friji huizuia tu isizaliane. Mjamzito, mtoto mdogo au mzee usimpe.

Kupasha ni bora. Ongeza vijiko 2 vya maji kwenye viini na ndimu, koroga kwenye moto mdogo hadi kipimajoto kisome nyuzi 71. Mabonge yakitokea, moto umezidi. Poza sufuria haraka ndani ya maji baridi, kisha tia mafuta tone kwa tone huku ukipiga. Ukiharakisha kuyatia, yatajitenga.